Shukrani kwa Walioshona Namba Zetu

CHAMA CHA WAENDESHA BODA BODA, KITUO CHA SOKONI
3 Machi

Kwa Muuguzi Mkuu,
Kliniki ya njia panda.

KUH: SHUKRANI ZA DHATI

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni katibu wa chama tajwa, na naandika kwa niaba ya wanachama sitini na mmoja. Mkutano wa Jumapili uliniagiza niandike barua ya nusu ukurasa. Nimewaambia nusu ukurasa ni ya kuomba radhi kwa mwenye nyumba, shukrani inataka nafasi. Kwa hiyo tuvumiliane.

Mwaka jana mwezi kama huu, mtu wetu akianguka alikuwa anajiosha kidonda kwa maji ya bomba nyuma ya kituo, anafunga kitambaa, anapanda tena pikipiki. Si kwamba hatupendi hospitali. Tulikuwa tunaogopa dirisha la malipo kuliko lami. Wengine vidonda vilioza tukijifanya hatusikii harufu. Ndipo mkatuita, tukakaa kwenye yale mabenchi yenu ya kijani, tukakubaliana: mwanachama aje na jaketi lake la kung'aa lenye namba mgongoni, kadi ya chama, na kofia ngumu kama ushahidi kwamba alikuwa ameivaa. Kumuona tabibu bure, kushonwa na kufungwa kidonda nusu ya bei, dawa kwa bei mliyonunulia ninyi, na chama kimalizie deni mwisho wa mwezi kutoka kwenye michango yetu ya kila siku. Wapo waliocheka. Leo wanacheka kwa furaha.

Naomba niwataje, maana asante isiyo na mtu ndani yake haina uzito. Namba 9 aliyeunguzwa shavu la mguu na bomba la moshi, mkamfundisha asipake dawa ya meno tena. Namba 33 aliyetolewa kokoto goti zima, moja moja kwa kibano, akiwaimbia ili asilie. Namba 40 aliyevunjika mfupa wa bega akafungwa kitambaa cha shingoni wiki sita, na mke wake anasema hizo ndizo wiki pekee alizokaa nyumbani tangu waoane. Namba 12, Namba 51 na Namba 26 walioshonwa na kuchomwa sindano ya pepopunda, wakarudi tarehe waliyoambiwa kutoa nyuzi, jambo ambalo katika maisha yao ni la kwanza kufanyika kwa tarehe.

Na nimtaje mmoja ambaye hamjawahi kumtibu. Namba 17, tunamwita Taratibu. Miaka sita barabarani hajaanguka hata mara moja, na hajagusa bandeji yenu. Lakini karibu wote niliowataja ni yeye aliyewaleta. Huwa anamshusha majeruhi getini, anapiga honi mara mbili, anaondoka, kwa sababu harufu ya dawa inamchafua roho. Basi shukrani yake naileta mimi.

Kwa kuwa maneno peke yake hayashibishi, mkutano umeamua: kila Jumanne mwanachama mmoja atachukua sampuli zenu za maabara kwenye lile boksi la barafu na kuzifikisha hospitali kubwa, bila malipo, kwa mwendo wa heshima.

Mungu awabariki, mikono yenu isichoke.

Wenu mtiifu,
Katibu (Namba 2)

*

KLINIKI YA NJIA PANDA
6 Machi

Ndugu Katibu,

Barua yako tumeisoma kwa sauti chumba cha kufungia vidonda, wagonjwa wakisikiliza. Dada wa mapokezi alilia. Tabibu msaidizi alisema ana vumbi machoni, na siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha. Miaka ishirini na mbili niko kwenye kazi hii. Nimeandikiwa barua za malalamiko zinazojaza droo, na za shukrani tatu. Yako ni ya tatu, na ndiyo ndefu kuliko zote. Asanteni sana, wanangu.

Boksi la Jumanne tunalipokea kwa mikono miwili. Sampuli zikichelewa zinaharibika, na mgonjwa anachomwa tena bure. Mwendo wa heshima uwe kweli wa heshima.

Sasa nina ombi moja. Baada ya kusoma nilitaka kubandika nakala ya barua ndani ya faili la kila uliyemtaja, ili anayekuja kesho aone kwamba kazi yetu huwa inaisha vizuri. Nikatoa mafaili kwa namba za majaketi, ndivyo tulivyoyapanga. Katika kufanya hivyo nimeona jambo linalomhusu Namba 17. Siwezi kulieleza kwenye karatasi, mambo ya faili la mtu ni ya mtu mwenyewe. Namuomba aje anione, yeye mwenyewe, siku yoyote kabla ya saa sita. Asiogope harufu, nitafungua madirisha.

Aje mapema, tafadhali.

Muuguzi Mkuu

*

CHAMA CHA WAENDESHA BODA BODA
9 Machi

Mheshimiwa Muuguzi Mkuu,

Ujumbe umefika na umeeleweka, tena umeeleweka kabla ya kufafanuliwa. Mimi si mtoto. Mtu ambaye hajaanguka miaka sita, kliniki inamuita "jambo linalomhusu", na hutaki kusema kwenye karatasi ili isivuje! Ni tuzo. Naomba nikupongeze kwa wazo hilo, na nikuhakikishie siri yako iko salama.

Nimewaambia wanachama wote.

Usinikasirikie, ilibidi. Kituo kizima kimefurahi kama kimefaulu mtihani. Namba 33 ametunga wimbo. Tumepanga msafara wa pikipiki kumi kumsindikiza, tukizima honi tukifika karibu na wodi. Tatizo ni mwenyewe. Nilipomwambia alibadilika rangi, akaniambia anaumwa tumbo. Jana akasema ana abiria wa mbali. Leo nimemkuta anaosha pikipiki iliyo safi. Nadhani ni aibu, watu wanyenyekevu ndivyo walivyo. Nakuomba umwandalie cheti chenye fremu, ukutani kwake ana nafasi.

Kama itawezekana kuwe na picha ya pamoja, na katibu asisahaulike pembeni.

Katibu (Namba 2)

*

10 Machi

Shemeji,

Salamu nyingi. Dada yako na watoto hawajambo. Mimi sijambo mwilini, ila moyoni pametibuka.

Unakumbuka siku ile nilipokuazima pikipiki upeleke mbao zako, ukateleza kwenye mchanga, paja likachanika. Nilikuvua fulana yenye damu, nikakuvalisha jaketi langu, nikakupa kadi yangu, nikakwambia: ukifika sema wewe ni Namba 17. Kadi zetu hazina picha. Muuguzi mkuu alikuwa likizo, yule tabibu msaidizi alikuwa mgeni, hakuna aliyenijua uso kwa sababu mimi huwa naishia getini. Ukashonwa, ukachomwa sindano zile za penisilini siku tano, ukapona. Nilimshukuru Mungu na nikasahau.

Sasa Katibu wetu, mdomo wake na kalamu yake ni ndugu wa tumbo moja, ameandika barua ya kuwashukuru. Humo akanisifia kwamba sijawahi kutibiwa. Muuguzi mkuu amefungua faili, amekukuta wewe ndani ukiwa mimi. Ananiita. Huku wote wanadhani naenda kupewa tuzo! Wamenitungia wimbo, Shemeji. Nasikia wanaufanyia mazoezi nikipita.

Nikienda nitasema nini? Kwamba niliwaibia watu waliotufadhili? Wakifuta mpango, wenzangu sitini watarudi kujifunga vitambaa kwa ajili yangu. Sitakubali. Nimeamua nisiende, na wewe ukiulizwa hujui lolote. Itapoa yenyewe.

Na tena pale ndani siwezi kuingia. Nilikuambia? Nikiwa na miaka minane nilichomwa sindano kama hizo zako, koo likavimba likaziba, mama akanibeba mgongoni akikimbia na mimi nikiwa nimekuwa wa bluu. Tangu hapo nikisikia harufu ya spiriti natoka jasho. Dada yako peke yake ndiye anayejua. Lakini mimi faili la nini? Sianguki.

Kwa hiyo kaa kimya, barua hii ichome jikoni. Kile kitanda cha watoto bado tunakisubiri, sasa wanalala wanne kwenye kimoja na wa mwisho anapiga mateke.

Ni mimi,
Shemeji yako

*

KLINIKI YA NJIA PANDA
13 Machi

Ndugu Katibu,

Hakuna tuzo. Hakuna cheti, hakuna fremu. Wimbo mwimbe tu, lakini usinitaje.

Naona nilificha mno, nikakuacha ujaze mwenyewe. Sasa nasema wazi kadiri ninavyoruhusiwa. Tulipoanza mpango wetu, sisi kliniki tulifanya kosa. Ili mambo yaende haraka, mtu akiletwa anavuja damu asisimame mapokezi akitaja majina, tukaamua kufungua mafaili kwa namba ya mgongoni. Jaketi linaingia, namba inasomwa, faili linatolewa. Tulijiona wajanja. Lakini jaketi linavulika. Likivaliwa na mtu mwingine, yaliyoandikwa humo si ya mwenye namba. Dawa aliyoivumilia mmoja inaweza kumuua mwingine. Damu ya mmoja si ya mwingine. Siku mtu wako akiletwa hajitambui, hataweza kutuambia kwamba siye yule tuliyemuandika. Atasemewa na faili.

Nakuuliza basi, na unijibu kama unavyomjibu shangazi yako: wanachama wako huazimana majaketi?

Sitafuti mwizi, Katibu. Natafuta ukweli ili nirekebishe mafaili. Wakati nikisubiri, nimechukua faili la Namba 17 nikabana ndani yake, kwenye ukurasa mtupu unaofuata, karatasi kwa pini: HUYU SI HUYU. USITUMIE. MUULIZE MWENYEWE AU JAMAA ZAKE. Nimefanya hilo moja kwa sababu ni moja ninalolijua, na nimelijua kwa sababu ulimmiminia sifa mtu uliyesema hatujamtibu. Mengine siyajui.

Mwambie aje.

Muuguzi Mkuu

*

CHAMA CHA WAENDESHA BODA BODA
15 Machi

Mheshimiwa,

Nimeumia, na nitasema kwamba nimeumia. Jaketi la chama haliazimwi. Ibara ya saba ya katiba yetu, niliyoiandika kwa mkono huu, inasema hivyo, na imepigwa mstari chini. Kumuuliza mwendesha boda boda kama anaazima jaketi ni sawa na kumuuliza kama anaazima mswaki. Pengine yule aliyeandika faili alisoma vibaya, saba na moja hufanana mtu akiwa na haraka.

Hata hivyo, kwa heshima, nitamkumbusha Namba 17. Wiki hii ana shughuli.

Boksi la Jumanne lilifika salama, barafu haijayeyuka. Tunawashukuru kwa kutuamini.

Katibu

*

20 Machi, saa nne na nusu asubuhi

Shangazi,

Taratibu ameanguka. Mtu alifungua mlango wa gari lililosimama bila kuangalia nyuma, Taratibu akarushwa juu ya mlango huo. Namba 9 na Namba 26 wamemleta kwenu wakimshikilia katikati. Alikuwa hasemi. Mke wake yuko hapa kituoni mbele yangu, anauliza habari zake.

Amevaa jaketi lake. Shangazi, nimekumbuka barua yako. Nijibu kupitia huyu aliyeleta karatasi.

Katibu

*

KLINIKI YA NJIA PANDA
20 Machi, saa nane mchana

Katibu, mwanangu,

Yu hai. Nimeanza na hilo ili ukae chini ndipo usome mengine.

Mke wake amefika, yuko naye, na ameniruhusu nikueleze. Nimemwambia mume wake ana katibu anayependa maelezo.

Waliingia naye saa nne na robo. Kofia yake ngumu imepasuka kutoka juu hadi sikioni. Kichwa chake kiko salama, na kofia hiyo tutaiweka mapokezi kila mtu aione. Alikuwa amepotewa na fahamu, na mguu chini ya goti umechanika hadi mfupa unaonekana, umejaa mchanga na oili. Mimi nilikuwa chumba cha pili na mama anayejifungua. Tabibu msaidizi alifanya kila kitu kama tulivyomfundisha. Akaangalia mgongoni, kumi na saba. Akaita faili. Kidonda cha namna ile lazima kikingwe mapema kisioze, na ndani ya faili kulikuwa kumeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe: penisilini, siku tano, hakuna tatizo. Alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba la sindano. Aligeuza ukurasa aandike saa, na pini ikamchoma kidole.

Nilibana vibaya, ncha ilikuwa nje. Ndiyo akaisoma karatasi.

Akaiweka sindano chini. Akamuuliza Namba 9 kama anamjua mke wa huyu mtu, Namba 9 akapiga simu, na mke, akiwa bado hapo kituoni pembeni yako, akapiga kelele kwenye simu: asichomwe hiyo, itamziba koo, ilikaribia kumuua akiwa mtoto! Pengine uliisikia kelele hiyo ukadhani ni kilio tu.

Tukatumia dawa ya jamii nyingine. Tumemuosha kidonda kwa chupa sita za maji ya chumvi, tumemfunga, na saa saba amefungua macho akauliza pikipiki iko wapi. Gari linampeleka hospitali kubwa kupigwa picha ya mfupa, na huko anakwenda na faili jipya, lenye jina lake, jina la mke wake, na maneno manne kwa wino mwekundu juu kabisa: PENISILINI NI SUMU KWAKE.

Nilikaa ofisini dakika kumi na mlango nimefunga. Kama usingeandika ile barua, mimi nisingetoa mafaili. Kama ungetii mkutano ukaandika nusu ukurasa, ungemtaja nani? Waliotibiwa tu. Yule asiyetibiwa asingepata nafasi. Nimezoea kushukuriwa kwa dawa, Katibu. Leo ni mimi ninayekushukuru, kwa urefu wa barua yako.

Mkutano wenu lini? Nataka kuja.

Muuguzi Mkuu

*

CHAMA CHA WAENDESHA BODA BODA
25 Machi

Shangazi mpendwa,

Ulikuja, uliona, lakini uliondoka kabla ya mwisho kwa sababu ya zamu, na mwisho ndio niliotaka uuone. Basi nakuandikia.

Ulipomaliza kueleza habari ya faili na kusema kwamba kosa la kwanza lilikuwa la kliniki, si letu, ukatuaga. Ukaenda. Mwenyekiti akasema: nani mwingine ameazima jaketi? Asimame, hapigwi wala hafukuzwi. Hakuna aliyesimama. Wote wakageuka kuniangalia mimi, mtunza katiba, mwenye ibara ya saba.

Nikasimama.

Shangazi, niliazima. Mjomba wangu, mwezi wa Novemba, kidole gumba kilibanwa na mnyororo wa baiskeli. Hana hata pikipiki! Nilimvalisha jaketi langu, nikamfundisha njiani jinsi ya kusema aliangukaje. Na nilikuandikia ile barua ya mswaki nikijua. Nilikuwa naogopa kama Taratibu alivyoogopa, kwamba mtatufungia mlango.

Nilipokaa, akasimama Namba 40. Halafu 51. Halafu wakawa wanasimama wawili wawili. Kaka, baba mkwe, jirani, mmoja alimpa jaketi mtu aliyemkuta tu njiani akivuja damu. Wote walitibiwa, wote walipona, na hakuna hata mmoja aliyeweza kurudi kuwaambia asante. Tulikuwa kumi na wanne.

Basi mkutano umeamua hivi, na safari hii nimeandika kwa ufupi. Kesho kutwa saa mbili asubuhi hao kumi na wanne watapanga foleni kwenu, kila mmoja na yule aliyemuazima, ili mafaili yatenganishwe. Kadi mpya zitakuwa na picha, na nyuma yake mahali pa kuandika dawa isiyomfaa mtu na namba ya simu ya jamaa yake. Punguzo tulilochukua kwa ajili ya wasio wanachama tutalirudisha.

Hilo la mwisho umeshalijibu kwa simu, ukasema kliniki hailitaki, wasio wanachama waje na vidonda vyao kwa jina lao na tutapatana. Mwenyekiti aliposikia aliomba tusimame dakika moja. Sisi huwa tunasimama kwa ajili ya waliofariki, kwa hiyo wengi waliuliza nani amekufa. Hakuna, akasema. Leo tunasimama kwa sababu hakuna aliyekufa.

Taratibu amepigwa picha, mfupa umepata ufa tu. Anauguzwa na watu sitini wenye maoni tofauti. Namba 33 alimwimbia ule wimbo wa tuzo, Taratibu akalia, tukalia wote, halafu akatuomba tusiurudie maana sauti ni mbaya.

Tunakushukuru, Shangazi. Nimetafuta neno kubwa zaidi ya hilo na sijalipata, na mimi ni mtu wa maneno.

Katibu, mwanao

*

28 Machi

Mama Muuguzi Mkuu,

Shikamoo.

Mimi ni seremala. Hunijui, ulikuwa likizo. Mimi ndiye niliyekuwa Namba 17.

Jana nilikuja kwenye ile foleni, lakini ilipofika zamu yangu ulikuwa umeitwa kwa mama mwenye uchungu, nikahudumiwa na dada wa mapokezi. Nimeona niandike, kwa sababu nililokuja nalo sikukuambia wewe mwenyewe.

Nilitibiwa kwenu siku tano kwa namba ya shemeji yangu. Nilikuwa nikiitwa sijui kama ni mimi, nabaki nimekaa. Wananiita mara ya pili, ya tatu, ndipo nashtuka. Siku ya tatu tabibu msaidizi akadhani nina tatizo la kusikia. Akaniangalia masikio yote mawili kwa ile tochi, kwa upole sana, akanitoa nta bila kunitoza. Nikaona aibu iliyoje. Mtu ananitendea wema ambao hata sikuuomba, na mimi namdanganya usoni.

Wiki ya pili nilirudi, akanitoa nyuzi, akanigonga begani, akasema, haya, nenda salama. Nilitaka kumwambia asante. Neno lilifika hapa kooni. Lakini nikajiuliza, nikisema asante, ni nani anayeshukuru? Shemeji hakuwa na kidonda. Mimi sikuwepo. Nikatingisha kichwa tu nikatoka, na nadhani alifikiri sina adabu. Miezi minne sasa nimekuwa nikipita njia panda kwa upande wa pili wa barabara.

Shemeji yangu alikaribia kufa kwa sababu ya paja langu. Nimekwenda kumuona. Nilitaka kumuomba msamaha, yeye akaanza kuniomba mimi, ikawa mabishano, dada yangu akatufukuza wote wawili, huyu na mguu wake.

Jana dada wa mapokezi alichukua faili jeupe, halina kitu, akaniuliza jina. Nikamtajia. Akaniambia niseme tena polepole, akaliandika herufi kwa herufi, akaligeuza nilisome kama ni sawa. Nililiangalia muda mrefu hadi aliyekuwa nyuma yangu akaguna. Kisha akaniuliza, unaumwa nini leo?

Nikasema siumwi. Nimekuja kusema asante.

Hakukuwa na mahali pa kuandika hilo kwenye fomu. Akafikiri, akaliandika kwenye mstari wa tatizo la mgonjwa, akapiga muhuri na tarehe. Kwa hiyo, Mama, ukilifungua utalikuta, ukurasa wa kwanza, na ni langu.

Seremala